Kofia moja kwa safari moja: kufuma kroshia ndani ya daladala la Chanika

Anayetoka Chanika kwenda Kariakoo kila siku anajua hesabu yake. Ukiondoka saa kumi na moja alfajiri una nafuu, ukichelewa nusu saa umeshaingia kwenye foleni ya Gongo la Mboto, na jioni hakuna cha kujadili. Mimi saa mbili za kwenda na saa mbili za kurudi nilizizoea kama watu wanavyozoea mvua. Siku moja nilimwona mama mmoja kiti cha mbele yangu akifuma kitambaa cha kochi toka Pugu mpaka Buguruni bila kuinua kichwa, nikashuka nikijiuliza mimi hizo saa ninazipeleka wapi.

Hapa ninaeleza kitu kimoja tu, kufuma kofia za watoto wachanga kwa sindano ya kroshia, ile yenye ndoano kichwani. Vitambaa vya makochi nilivijaribu nikaviacha. Vinachukua wiki, vinajaa mapajani, na mteja anataka seti nzima ndipo atoe hela. Kofia ya kichanga inatosha kiganjani na mwili wake unaisha kwa safari moja. Ikiharibika, umepoteza uzi wa shilingi elfu na kitu.

Kwanza, igawe kazi: ya garini na ya nyumbani

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Mwanzoni nilikuwa ninaanza kofia garini, ninaiongeza garini, ninaimalizia garini. Kila nilipofika kwenye hesabu, konda anagonga sarafu begani: "Dada, nauli." Nikirudi kwenye kofia sijui nilikuwa ya ngapi. Nilifumua zaidi ya nilivyofuma.

Kofia ina sehemu mbili. Utosi, yaani ile duara ya juu, unataka kuhesabu kwa sababu kila mzunguko unaongezeka. Mwili wa kofia hautaki hesabu, ni kuzunguka tu, tundu kwa tundu, mpaka urefu utoshe. Basi utosi fuma nyumbani Jumamosi, tosi tano kwa mkupuo mmoja ukiwa umekaa penye mwanga. Garini unabeba utosi uliokamilika na unafuma mwili peke yake. Kuficha ncha za uzi, ukingo wa chini, ua na kufua, vyote vinarudi nyumbani.

Viatu vya kichanga vitakutamanisha kwa sababu kila mteja atakuuliza. Kiatu kina kisigino, kina kona, kina kushoto na kulia vinavyotakiwa kulingana. Si kazi ya garini. Mimi ninavifuma kwa oda tu, nyumbani, kwa bei yake.

Vifaa

Sindano namba 4, yaani milimita 4, na nyingine ya 4.5 ambayo sababu yake utaiona mbele. Chukua ya plastiki au ya alumini yenye kichwa cha mviringo. Zile nyembamba za chuma za kufumia vitambaa ziache nyumbani, maana dereva akifunga breki ghafla hujui itaingia kwenye mkono wa nani. Mkasi nao usibebe. Kikata kucha kinakata uzi vizuri na hakimdhuru mtu.

Uzi ni wa aina mbili na tofauti yake ni kubwa kuliko rangi. Uzi wa sweta ni laini, unavutika, rangi zake nyingi, na bei yake ni ya chini. Lakini unashika joto, na mama wa Dar anayejifungua Januari hatamvisha mwanawe zaidi ya mara mbili. Uzi wa pamba hauvutiki na ni mzito kidogo mkononi, ila ndio unaofaa pwani. Ninamuuliza mteja kabla ya yote: mtoto atakaa wapi? Wengi wanaonunua garini wananunua zawadi ya kupeleka Mbeya, Njombe au Arusha, na huko Juni na Julai uzi wa sweta ndio wenyewe.

Ukinunua mabonge mawili ya rangi moja, soma kikaratasi chake. Pamoja na namba ya rangi kuna namba ya mkupuo wa kutia rangi. Namba hiyo ikitofautiana, dukani huoni kitu, lakini kwenye jua la mchana kofia itakuwa na mstari kama imefanyiwa kiraka.

Nunua pini za kufungia kama sita. Kisha tafuta mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kukaza, bonge liwe ndani na uzi utoke kwenye mdomo wa mfuko. Bonge langu moja liliwahi kuanguka pale Banana abiria wakiwa wamejaa mpaka mlangoni. Lilisafiri chini ya viti vitatu, na lilipokusanywa lilikuwa rangi ya barabara.

Utosi, nyumbani

Fundo ninalolitumia mimi ninaliita nguzo. Zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza tunduni, vuta, kisha toa mbilimbili mara mbili. Mzunguko wa kwanza weka nguzo 12 ndani ya kitanzi na ukikaze kisibaki tundu. Mzunguko wa pili weka mbili kila tundu, utapata 24. Wa tatu weka moja, kisha mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho, utapata 36. Wa nne weka moja, moja, kisha mbili, utapata 48. Hapo utosi umekwisha na hutaongeza tena.

Uweke mezani uutazame. Ukilala bapa kama sahani ya kikombe, uko sawa. Ukingo ukipanda na kushuka kama pindo la gauni, umeongeza mno. Ukijikunja kama bakuli, umesahau kuongeza mahali. Hesabu nguzo za ukingo. Zisipokuwa 48, fumua mzunguko wa mwisho saa hiyo hiyo, kwa sababu kosa la utosi halijifichi chini.

Usifunge mzunguko kwa kuuunganisha kila mara. Fuma kama konokono, unaendelea tu kupanda juu ya mzunguko uliotangulia. Garini hiyo inakuondolea kazi ya kutafuta mahali pa kuungia. Funga pini kwenye nguzo ya kwanza ya mzunguko, na kila ukiifikia, ihamishie juu. Kwa hiyo badala ya kuhesabu nguzo 48 unahesabu pini imehama mara ngapi. Konda akikukatiza katikati, pini bado iko pale ilipo.

Kiti

Bila kiti hakuna kazi. Kufuma umesimama huku umeshika bomba kwa mkono mmoja haiwezekani, na ukijaribu utamchoma mtu.

Asubuhi mkazi wa Chanika ana bahati ya kupandia mwanzo wa gari. Kwa anayetumia mkono wa kulia kama mimi, kiti kizuri ni cha dirishani upande wa dereva. Mkono unaofuma unakuwa upande wa bodi ya gari, kwa hiyo kiwiko hakimgusi jirani. Ubaya wake ni jua. Jioni, tukirudi kusini magharibi, jua linatua upande huo huo wa kulia. Nimeamua afadhali jua kuliko ugomvi, ninabeba mtandio wa kutundika dirishani. Wa mkono wa kushoto atafute dirisha la upande wa pili, ila awe macho na simu yake, maana ndiko wapita njia wanakokwapulia. Kwenye yale magari ambayo injini iko ndani, kile kiti cha pembeni yake kikwepe. Joto lake linalowesha viganja jasho na uzi wa rangi nyepesi unageuka kijivu.

Jioni ndiyo yenye swali la kugeuza na gari. Wote tunajua inavyokuwa. Unapanda likiwa linaelekea kituo cha mwisho, unabaki umekaa, linageuka nawe, unalipa mara mbili. Je, kofia inalipia nauli ya pili? Hesabu yake iko chini kidogo, na jibu lake si lile nililolitarajia.

Garini

Nauli weka mfuko wa nje, chenji kamili, kabla hujatoa sindano. Hilo dogo linakuokolea kufumua.

Njia yenyewe ina vipande vyake. Kati ya Chanika na Pugu kuna kona, milima na gari linakwenda mbio, hapo mimi ninapumzika au ninasinzia. Kuanzia Gongo la Mboto, ukipita Banana na uwanja wa ndege mpaka Tazara, gari linatambaa. Foleni ambayo wenzako wanailaani ndiyo karakana yako. Fuma kwa kugusa zaidi kuliko kutazama. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinaitafuta nguzo inayofuata, macho yanabaki mbele. Ukiinamia kazi huku gari linayumba, ndani ya dakika ishirini kichefuchefu kinakushika. Kwa ajili hiyo hiyo alfajiri, kukiwa bado giza, ninafuma rangi nyepesi kama maziwa, njano au samawati. Nyeusi na kahawia sizigusi mpaka kupambazuke, kwa sababu tundu zake hazionekani kabisa.

Mwili wa kofia ni mizunguko 8 ya nguzo 48, jumla 384. Nyumbani nilikuwa ninafuma nguzo 12 kwa dakika, garini ninapata 6. Kwa hiyo mwili unataka kama saa moja na dakika chache za kazi halisi, na safari ya saa mbili inaubeba pamoja na kona za Pugu na kusubiri abiria washuke.

Sasa lile la sindano ya 4.5. Kofia zangu tatu za mwanzo zilikuwa nzuri kwa kuzitazama, ila hazikumwingia mtoto yeyote. Nilizipima kwa futi ya fundi cherehani. Utosi uliofumwa nyumbani ulikuwa sawa, mwili ulikuwa umebana kama mdomo wa chupa. Sababu ni kwamba garini unaushika uzi kwa nguvu bila kujua, kwa woga wa kuyumba. Tangu hapo utosi ninaufuma kwa namba 4 na mwili wa garini kwa namba 4.5, na vinakutana. Wewe mkono wako unaweza kuwa tofauti, kwa hiyo kofia ya kwanza ilaze bapa uipime. Upana uwe sentimita 16 hadi 17, yaani mzunguko wa kama 33. Kichwa cha kichanga kina sentimita 35 hivi, na kofia inatakiwa iwe ndogo kidogo ili ishike. Kutoka katikati ya utosi mpaka chini iwe 13 hadi 14.

Kingine nilichogundua ni kwamba mkono wa asubuhi si mkono wa jioni. Jioni umechoka, uzi unalegea. Kofia iliyoanzwa asubuhi ikamaliziwa jioni ina mshipi unaoonekana katikati. Basi nina mifuko miwili, wa kwenda na wa kurudi. Kofia ya asubuhi isipoisha inangoja asubuhi ya pili.

Ukikaribia kushuka, sio kituoni kwako bali vituo viwili kabla, vuta kitanzi cha mwisho kiwe kirefu ukifunge kwa pini, chomeka sindano ndani ya bonge, kaza mfuko. Nikishukia Buguruni ninaanza kufungasha Tazara. Usipofanya hivyo utasukumwa mlangoni, kitanzi kitachomoka, na nguzo thelathini zitaachia kabla hujavuka barabara.

Kumalizia

Mzunguko wa mwisho nyumbani fanya wa fundo fupi, lile lisilozungushwa uzi kabla, ili ukingo usijikunje na ile ngazi ya konokono ipotee. Ficha ncha kwa sindano ya kushonea, urefu wa vidole vinne kwenda, kisha rudi nyuma kidogo. Ncha iliyofichwa upande mmoja tu inachomoka ikifuliwa mara ya pili. Ndani ya kofia kusibaki uzi unaoning'inia. Vifungo na shanga usiweke hata mteja akikubembeleza. Kichanga kinapeleka kila kitu mdomoni, na ushanga ukiachia unaweza kumkaba. Ua la uzi lililoshonwa kuzunguka pande zote linatosha.

Kisha fua. Kofia iliyofumwa njia nzima ya Nyerere imeshika vumbi na jasho hata kama hulioni. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, usiikamue kwa kuisokota. Ivishe juu ya bakuli la ukubwa wa kichwa cha mtoto ikauke kivulini. Siku ya kwanza kufua uzi mpya, tazama maji. Yakiwa mekundu, kofia hiyo usiiuze, na hilo bonge lifumie kitu chako mwenyewe.

Hesabu ya wiki moja

Bei ninazotaja ni za mfano, weka zako. Bonge la gramu 50 tuseme 3,000, linatoa kofia mbili na ziada ya ua. Kofia moja ni uzi wa 1,500, mfuko na sabuni 100, jumla 1,600. Unauza 5,000, faida 3,400.

Asubuhi tano una kiti mara tano. Jioni kiti cha bure unakipata labda mara mbili. Safari saba, ila ukweli ni kwamba siku mbili utasinzia au utashikwa na mazungumzo, kwa hiyo kofia tano. Gharama 8,000. Zikiuzwa zote ni 25,000, unabaki na 17,000. Lakini wiki ya kawaida kwangu zinatoka tatu, yaani 15,000, na baada ya gharama yote ninabaki na 7,000 pamoja na kofia mbili kabatini.

Sasa kugeuza. Jioni tatu usizo na kiti unalipa nauli ya pili, tuseme 700 kila mara, jumla 2,100. Unapata kofia tatu zaidi zenye gharama ya 4,800. Umetoa 6,900. Zikiuzwa mbili unapata 10,000, umebaki na 3,100. Ikiuzwa moja, umepoteza 1,900, na umefika nyumbani usiku zaidi. Kwa hiyo mimi ninageuza na gari tu wakati nina oda mkononi. Kugeuza ili kufuma kofia za kuweka kabatini ni kumfanyia kazi mwenye daladala.

Wateja

Usiuze garini kwa kupaza sauti. Konda hapendi, abiria waliochoka hawapendi, na kesho ni wale wale. Wewe fuma tu. Kufikia wiki ya pili jirani atauliza: "Hiyo ni ya mtoto wako?" Jibu kwamba ni za kuuza, toa moja iliyokamilika kutoka kwenye mfuko wake safi, mpe aishike. Namba ya simu usiitaje kwa sauti katikati ya watu sitini. Andika kwenye vikadi, pamoja na bei.

Oda ipokee kwa maswali matatu: mtoto anatarajiwa lini, atakaa wapi, rangi gani. Chukua nusu ya bei mbele, ambayo inalipia uzi wote. Mimi nilifuma kofia nne za zambarau kwa ahadi ya mdomo, na mwenye oda akahamia njia ya Mbagala. Wajawazito wanaonunua mapema ni wale wa miezi saba, wanaoandaa begi la kwenda kujifungulia. Wa mwezi wa tisa anataka kesho, na kesho kofia bado iko juu ya bakuli inakauka. Kwa hiyo kofia mbili za maziwa, zilizofuliwa na kukauka, huwa zinakaa kwenye mkoba wangu kwa ajili yake.